Pesa za Muuguzi wa Ng'ambo Ziko Wapi Katika Pato la Taifa?

Msomaji wetu mmoja, mama mwenye binti muuguzi huko Uingereza, ametuandikia swali ambalo tumeona lisijibiwe kwa mstari mmoja. Anasema kila mwezi binti yake humtumia pesa. Kwa hizo pesa amelipa karo ya wadogo zake, ameezeka nyumba mabati na kununua ng'ombe wa maziwa. Halafu anasikia kwenye redio kwamba pato la taifa limeongezeka kwa asilimia kadhaa. Anauliza: "Je, pesa za binti yangu zimo ndani ya hilo pato? Na kama hazimo, hao wataalamu wanahesabu nini?"

Swali lake ni zuri, na jibu fupi litamshangaza: hazimo. Haziko katika hesabu ile inayotangazwa redioni, wala haziko katika hesabu nyingine mbili ambazo ni ndugu zake. Lakini kuelewa kwa nini hazimo, na mahali zinapoingia, inabidi kwanza tuzifahamu hizo hesabu tatu. Redio huziita zote "pato la taifa", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza.

Ya kwanza ni pato la ndani ya nchi, ambalo wataalamu huliandika GDP. Hii ni thamani ya kila kitu kilichozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka mmoja, bila kujali mwenye kiwanda ni nani. Ya pili ni pato ghafi la taifa, GNP. Hii haitazami mpaka. Inatazama wakaaji wa nchi wamepata nini kutokana na kazi zao na mali zao, ziwe hapa au nje. Tangu mwaka 1993 mwongozo wa hesabu wa Umoja wa Mataifa umeliita kwa herufi GNI, lakini hesabu ni ile ile. Ya tatu ni pato safi la taifa, NNP, ambalo ni lile la pili baada ya kuondoa thamani ya mitambo, majengo na magari yaliyochakaa mwaka huo.

Kutoka hesabu moja hadi nyingine kuna madaraja mawili tu. Tukiita mapato safi kutoka nje M, na uchakavu U, basi:

GNP = GDP + M

NNP = GNP − U

Mtoto wa darasa la nane anaweza kujumlisha na kutoa namna hiyo. Shida haiko kwenye kujumlisha. Shida ni kujua kitu gani kinaingia katika M, na kitu gani kinaingia katika U. Hebu tutumie mfano wa kubuni.

Tuchukue kata moja tu, tuijengee mpaka kama nchi. Ndani yake kuna wakulima wadogo wa mahindi, mboga na maziwa. Mwaka huu, baada ya kutoa gharama za mbegu na mbolea walizonunua, wamezalisha thamani ya Sh 30 milioni. Tunatoa mbegu na mbolea kwa sababu zilishahesabiwa kule zilikotengenezwa. Tusipofanya hivyo tutahesabu kitu kimoja mara mbili. Kuna pia maduka, kinu cha kusaga posho, matatu, mafundi wa jua kali na shule. Hao kwa pamoja wameongeza thamani ya Sh 30 milioni nyingine. Mwisho kuna shamba kubwa la chai na kiwanda chake. Mwenyewe ni kampuni yenye makao Ulaya. Shamba hilo limeongeza thamani ya Sh 40 milioni.

Pato la ndani la kata yetu basi ni Sh 100 milioni. Hiyo ndiyo GDP, na hiyo ndiyo ambayo redio ya kata ingetangaza.

Sasa tuvunje zile milioni 40 za shamba la chai tuone zimekwenda wapi. Milioni 22 ni mishahara ya wachumaji na makarani wanaoishi katika kata. Milioni 3 ni malipo ya mafundi wageni waliokuja kwa miezi minne kukarabati mitambo, kisha wakarudi kwao. Milioni 5 ni uchakavu wa mashine za kukausha chai, malori na majengo. Milioni 10 zilizobaki ni faida ya kampuni. Jumla ni 40.

Kati ya hizo, faida ya milioni 10 ni ya watu wasio wakaaji wa kata, na milioni 3 za wale mafundi pia. Tena kuna mradi wa maji uliojengwa kwa mkopo kutoka nje ya kata, na mwaka huu umelipa riba ya milioni 1. Kwa hiyo malipo yanayokwenda nje kwa sababu ya kazi na mali ya wengine ni Sh 14 milioni.

Lakini kata nayo ina watu wake wanaochuma nje. Vijana walivuka mpaka wakafanya kazi miezi mitatu katika mashamba ya maua ya jirani, wakarudi na mishahara ya Sh 6 milioni. Chama cha ushirika nacho kina hisa katika benki iliyo nje, na kimepata mgao wa milioni 1. Yanayoingia ni Sh 7 milioni.

Mapato safi kutoka nje ni yanayoingia kutoa yanayotoka: 7 kutoa 14, yaani hasi 7. Tukijumlisha hasi 7 kwenye 100 tunapata Sh 93 milioni. Hiyo ndiyo GNP ya kata. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi mia zilizozalishwa humo, shilingi saba zilikuwa za watu wengine hata kabla hatujaanza kugawana.

Msomaji makini atauliza: na kama kampuni ya chai haikupeleka faida yake Ulaya, bali imeiacha benki hapa ili mwakani ijenge kiwanda cha pili? Jibu ni kwamba bado inahesabiwa kuwa imekwenda. Faida ni ya mwenyewe, hata akiiacha mezani. Wataalamu huiandika kana kwamba imetoka, halafu ikarudi kama uwekezaji mpya. Wengi hukosea hapa, wakidhani M ni fedha zilizovuka mpaka. M ni haki ya mtu juu ya pato. Kuvuka mpaka ni jambo jingine.

Sasa uchakavu. Wale wote wenye mitambo, magari na majengo katika kata, shamba la chai likiwemo, wamepoteza thamani ya Sh 13 milioni kwa mwaka. Milioni 5 ni za shamba la chai na milioni 8 ni za wengine. Tukiziondoa kwenye 93 tunabaki na Sh 80 milioni. Hiyo ndiyo NNP. Ni kile ambacho watu wa kata wangeweza kutumia mwaka huo bila kula mtaji wao.

Mtu anaweza pia kuanza na uchakavu kwanza: 100 kutoa 13 ni 87, ambalo ni pato safi la ndani, kisha 87 kutoa 7 ni 80. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja.

Kurudi nyuma ndiko kunakoangusha watu. Tuseme umepewa pato safi la taifa la 80, uchakavu wa 13 na mapato safi kutoka nje ya hasi 7, halafu unatakiwa kutafuta GDP. Unarudisha uchakavu: 80 na 13 ni 93. Kisha unatoa M. Lakini M ni hasi, na kutoa hasi ni kujumlisha: 93 na 7 ni 100. Wanafunzi wengi hutoa 7 wakapata 86. Kabla ya kukubali jibu lako, jiulize swali moja la kawaida: je, hapa yanatoka mengi kuliko yanayoingia? Kama ndiyo, basi GDP lazima iwe kubwa kuliko GNP. Jibu la 86 ni dogo kuliko 93, kwa hiyo limekosewa, na huhitaji mwalimu kukuambia. Angalia pia kwamba tarakimu zako zote ziko kwa bei za aina moja. Moja ikiwa na kodi ya mauzo ndani yake na nyingine haina, huwezi kuzitoa moja kwa nyingine.

Sasa turudi kwa yule muuguzi. Vijana wa mashamba ya maua tumewahesabu, mishahara yao yote milioni 6. Kwa nini basi binti wa yule mama tumwache nje? Wote wawili wamefanya kazi nje na wote wameleta pesa nyumbani.

Tofauti ni ukaaji. Vitabu vingi vya shule husema GNP ni pato la "raia" wa nchi, na hivyo watu hudhani kinachoangaliwa ni pasipoti. Sivyo. Kinachoangaliwa ni mahali mtu alipoweka maisha yake, na kipimo cha kawaida ni mwaka mmoja au zaidi. Vijana wetu walikwenda miezi mitatu, nyumba zao na jamaa zao zikabaki hapa. Wao ni wakaaji wa kata, na mshahara wao ni pato la kata. Binti muuguzi amepanga nyumba Uingereza, analipa kodi Uingereza, anakaa huko mwaka baada ya mwaka. Ingawa pasipoti yake ni ya Kenya, kwa hesabu hii yeye ni mkaaji wa Uingereza. Mshahara wake uko ndani ya GDP ya Uingereza na ndani ya GNP ya Uingereza.

Zile pesa anazomtumia mama yake basi si malipo ya kazi iliyofanywa na mkaaji wa Kenya. Ni zawadi kutoka kwa mkaaji wa nchi moja kwa mkaaji wa nchi nyingine. Kwa hesabu, ziko katika kundi moja na msaada wa chakula wakati wa ukame. Zinaandikwa mbele kidogo, baada ya hesabu zetu tatu, katika kile kinachoitwa pato la kutumia. Tuseme watoto wa kata yetu walioko ng'ambo wametuma Sh 8 milioni mwaka huu. Pato safi la taifa linabaki 80, lakini pato safi la kutumia linakuwa 88. Na ndiyo maana mtu anaweza kutazama kijiji akaona mabati mapya na ng'ombe wa gredi, kisha akatazama tarakimu asione chochote kilichobadilika.

Si kiasi kidogo tunachozungumzia. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4 zilizotumwa na Wakenya walioko nje katika mwaka 2023 peke yake. Pesa hizo hazikuingia katika GDP siku zilipopokelewa. Zikitumika kumlipa fundi wa kuezeka, kazi ya huyo fundi ndiyo inayoingia, maana imefanyika hapa.

Nchi inayoonyesha tofauti hii vizuri kuliko zote ni Lesotho. Nchi hiyo ndogo imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, na kwa miaka mingi wanaume wake walikwenda kuchimba dhahabu huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 100,000. Hawa walikwenda kwa mkataba, wakakaa katika mabweni ya migodi, wakaacha wake na watoto Lesotho, na mkataba ulipokwisha wakarudi nyumbani. Wenye hesabu wa Lesotho waliwachukua kuwa bado ni wakaaji wa Lesotho. Kwa hiyo mshahara wao wote uliingia katika GNP ya Lesotho. Si ile sehemu waliyotuma nyumbani tu. Hata mkate walionunua Johanesbagi ulihesabiwa kama kitu kilichoagizwa na Lesotho kutoka nje. Matokeo yake, GNP ya Lesotho ilikuwa kubwa mno kuliko GDP yake, kinyume kabisa cha kata yetu ya chai.

Halafu katika miaka ya 1990 migodi ikaanza kupunguza watu kwa maelfu. Wakati huo huo, Lesotho kwenyewe kulikuwa na ujenzi wa bwawa kubwa la Katse chini ya mkataba wa maji wa mwaka 1986 na Afrika Kusini, na viwanda vya nguo vilikuwa vinafunguliwa. GDP ikawa inapanda vizuri. Mtu aliyesoma hiyo peke yake angesema mambo ni mazuri huko. Lakini katika vijiji vya milimani, nyumba ambazo baba alikuwa akileta mshahara wa mgodi zilikuwa zinakosa. Kilio hicho kilionekana katika M, ambayo ilikuwa inapungua, na kwa hivyo katika GNP, iliyobaki nyuma ya GDP.

Kumbe hata hapa kuna ugumu. Mchimbaji ambaye mkataba wake ulifuatana na mwingine, miaka kumi mfululizo, je, ni mkaaji wa wapi? Ukimhesabu wa Lesotho, mshahara wake wote ni pato la Lesotho. Ukimhesabu wa Afrika Kusini, ile anayotuma inakuwa zawadi kama ya yule muuguzi, na GNP ya Lesotho inashuka ghafla ingawa hakuna mtu aliyepoteza hata senti moja. Ukiona tarakimu za nchi mbili zenye wahamiaji wengi, usizilinganishe kabla hujajua wamewahesabu wapi.

Tuje sasa kwenye daraja la pili, uchakavu, ambalo watu hulidharau kwa sababu hakuna stakabadhi yake. Mshahara una karatasi, faida ina vitabu, lakini hakuna mtu anayelipwa uchakavu. Inabidi ukadiriwe.

Chukua kikundi cha akina mama chenye kinu cha posho. Injini waliinunua miaka sita iliyopita kwa Sh 300,000 na wanatarajia itafanya kazi miaka kumi. Mweka hazina wao hugawanya, anapata Sh 30,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo anayoandika kwenye daftari. Lakini injini kama hiyo dukani sasa ni Sh 450,000. Kikundi kikiweka kando elfu 30 kila mwaka, mwaka wa kumi kitakuwa na 300,000 na injini haitapatikana. Hesabu za taifa hutumia bei ya leo: 450,000 gawanya kwa kumi, yaani Sh 45,000 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo jumla ya uchakavu wa nchi haiwezi kupatikana kwa kujumlisha tu vitabu vya makampuni, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa bei za zamani. Ofisi ya takwimu hujumlisha uwekezaji wa miaka mingi iliyopita, hukadiria kila aina ya kitu kitaishi miaka mingapi, halafu huweka bei za sasa. Ukibadilisha umri wa majengo ya viwanda kutoka miaka 30 hadi 20, NNP ya nchi nzima inashuka, na majengo yenyewe ni yale yale. Hiyo ndiyo sababu magazeti hutangaza GDP na si NNP. Wachumi wenyewe hukubali kwamba NNP ndiyo inayosema ukweli zaidi juu ya maisha, lakini makadirio yake hutofautiana mno kutoka nchi hadi nchi.

Tena uchakavu wa kawaida ulihesabu vitu vilivyotengenezwa na watu tu. Udongo ukichukuliwa na mvua, msitu ukikatwa, madini yakiisha ardhini, hakuna kilichotolewa. Huko Kwale, mchanga wenye titani ulianza kusafirishwa nje mwaka 2014, na uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Katika miaka hiyo kumi, mchanga uliouzwa ulihesabiwa katika pato. Faida ya mwenye mgodi aliye nje iliondolewa kupitia M. Lakini kuisha kwa mchanga wenyewe hakukuondolewa popote, kana kwamba ungejaa tena usiku. Mwongozo mpya wa Umoja wa Mataifa, uliokubaliwa mwaka 2025, unataka upungufu wa maliasili uhesabiwe kama gharama, ili pato safi liuonyeshe. Nchi zitachukua miaka kadhaa kuufuata.

Mpaka hapa tumeshughulika na madaraja mawili kila moja peke yake. Kuna mahali yanakutana, na panafaa tupaangalie taratibu. Rudi kwenye shamba la chai. Tulipotoa malipo ya nje, tulitoa faida ya milioni 10. Hatukutoa zile milioni 5 za uchakavu wa mitambo yake, kwa sababu faida huhesabiwa baada ya uchakavu. Kwa hiyo katika GNP yetu ya milioni 93 bado kuna milioni 5 ambazo si za mtu yeyote wa kata. Ni pesa za kampuni ya Ulaya za kununulia mashine nyingine. Zinaondoka tu tunapofika kwenye NNP. Milioni 5 katika 93 si kitu cha kukosesha usingizi, lakini je, zikiwa nusu ya pato lote?

Hayo yaliipata Ayalandi. Mwezi Julai 2016 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilitangaza kwamba GDP ya mwaka 2015 ilikuwa imekua kwa asilimia 26. Hakuna mwananchi aliyeona kitu kama hicho mtaani. Kilichotokea ni kwamba makampuni makubwa ya kigeni yalihamishia matawi yao ya huko haki za ubunifu, yaani zile hati za kumiliki uvumbuzi na programu za kompyuta. Bidhaa ziliendelea kutengenezwa kwingine, lakini pato lake likaandikwa Ayalandi.

Mtu angesema: basi tutazame GNP, maana faida za wageni zitaondolewa. Ni kweli ziliondolewa, lakini baada ya uchakavu. Haki hizo zilikuwa za thamani kubwa mno na huandikwa kuwa zinachakaa haraka, kwa hiyo uchakavu wake ulikuwa wa mabilioni ya yuro kila mwaka, na wote ukabaki ndani ya GNP kama zile milioni 5 za chai. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa ndege zinazomilikiwa na makampuni ya kukodisha yaliyoandikishwa huko. Mwaka 2017 Ayalandi ilianza kuchapisha kipimo chake yenyewe, kinachoandikwa GNI*, ambacho huondoa uchakavu wa haki hizo na wa ndege hizo, pamoja na faida za makampuni yaliyohamishia makao makuu huko kwa jina tu. Mwaka 2022 kipimo hicho kilikuwa kidogo tu zaidi ya nusu ya GDP. Yaani karibu nusu ya kile kilichotangazwa hakikuwa cha watu wa Ayalandi.

Sisi Kenya hatuko hivyo. Kwetu yanayotoka kama riba na faida ni mengi kuliko mapato ya kazi na mali yanayoingia, kwa hiyo M ni hasi na GDP ni kubwa kuliko GNP, lakini pengo si kubwa. Tarakimu hizo hutolewa kila mwaka katika Tathmini ya Uchumi ya Shirika la Kitaifa la Takwimu. Kinachotugusa ni kitu kingine. Benki ya Dunia inapopanga nchi katika mafungu ya maskini na ya kati haitumii GDP. Hutumia GNI kwa kila mtu, ile iliyokuwa ikiitwa GNP. Mwaka 2014 Kenya ilipanga upya hesabu zake kwa kutumia mwaka wa 2009 kama msingi, na GDP ikaongezeka kwa karibu robo kwa sababu shughuli ambazo hazikuwa zimehesabiwa sasa zilionekana. Mwaka uliofuata, 2015, Benki ya Dunia ikaiweka Kenya katika fungu la chini la nchi za kipato cha kati. Kwa nchi iliyo katika fungu hilo, masharti ya mikopo huanza kuwa magumu kidogo kidogo.

Katika hesabu iliyotuvusha, pesa za yule muuguzi hazikuwemo hata shilingi moja. Riba ya madeni ya nje ilikuwemo, upande wa kutoa. Na uchakavu haukuguswa, kwani GNI ni ghafi: barabara zilizojaa mashimo mwaka huo zilihesabiwa kama mpya.